Zohali Hakuichoma Nyumba ya Pweto

Julai mwaka huu wa 2025, mama yangu mdogo alitumiwa ujumbe wa sauti kwenye simu yake huko Mantapala. Aliyeutuma ni ndugu yetu anayeishi Lusaka, kijana wa adabu zake, ambaye siku hizi anafuata mafundisho ya unajimu na anayaamini kuliko anavyoamini utabiri wa mvua. Alimweleza kwamba mtu akifika miaka 44 hivi, sayari ya Zohali husimama upande wa pili kabisa wa anga, ikitazamana na pale ilipokuwa siku alipozaliwa. Wakati huo, alisema, Zohali anakuja kukagua maisha uliyoyajenga tangu ulipotimiza miaka 29. Kilicho imara kitabaki. Kilichoanguka kilikuwa hakina msingi.

Mama mdogo aliusikiliza mara mbili, kisha akanipigia. Swali lake la kwanza lilikuwa la utani: "Huyu Zohali naye anataka kadi ya chakula?" Kwa mtu wa Mantapala, kukaguliwa ni kupanga foleni na watoto wote, kuweka kidole kwenye mashine na kungoja jina lisomwe. Swali la pili halikuwa la utani. "Mwanangu, kwa hiyo nyumba yetu ya Pweto ilikuwa haina msingi?"

Makala haya ni jibu langu kwa ile sentensi ya mwisho ya ujumbe. Najua baadhi ya wenzangu darasani wanaupenda unajimu na wengine wanaucheka. Wanaoucheka hawanisaidii, kwa sababu hawajui wanachokicheka, na mama mdogo hakuniuliza kama unajimu ni sayansi. Aliniuliza kuhusu nyumba. Kwa hiyo niliona nijifunze kwanza hesabu yenyewe, niifanye kwa mikono yangu, ndipo nigombane.

Hesabu ni rahisi. Zohali hulizunguka jua kwa miaka 29 na nusu kasoro kidogo. Ukizaliwa leo, baada ya muda huo Zohali atakuwa amerudi mahali pale pale alipokuwa siku yako ya kuzaliwa, na wanajimu huita hayo marejeo ya Zohali. Ongeza nusu ya mzunguko, yaani karibu miaka 14 na miezi tisa, utafika kwenye mkabala: Zohali wa leo na Zohali wa kuzaliwa kwako wanatazamana, digrii 180. Hapo ndipo inapotoka ile 44. Kuna mkabala mwingine ujanani, kwenye umri wa karibu miaka 15, ila huo wanajimu wanauhesabu kuwa wa balehe na hauhusiani na ukaguzi ninaouzungumzia.

Lakini 44 ni wastani tu, na hapa ndipo ndugu yetu alipoanza kukosea. Njia ya Zohali si duara kamili. Alikuwa karibu kabisa na jua mwaka 2003, akaenda mbio, na mbali kabisa mwaka 2018, akaenda taratibu. Aliyezaliwa Machi 1967, Zohali akiwa mwanzoni mwa Punda (natumia majina ya ukurasa wa nyota wa magazeti yetu), alipata mkabala wake Novemba 2009, hajafikisha hata miaka 43. Aliyezaliwa mwisho wa Septemba 1980, Zohali akiwa mwanzoni mwa Mizani, ameupata Juni 2025, akiwa na miaka 44 na miezi minane. Tofauti ni miaka miwili mizima, na anayekuambia "44" bila kukuuliza mwaka wa kuzaliwa hajakokotoa chochote.

Tena mkabala kwa kawaida hauji mara moja. Kila mwaka dunia yetu humpita Zohali, kama basi linavyoipita baiskeli barabarani, na kwa miezi minne na nusu hivi Zohali huonekana kwetu kana kwamba anarudi nyuma. Kwa hiyo anaweza kuigusa digrii ile ile akienda, akirudi, na akienda tena. Ndiyo maana wanajimu makini husema ukaguzi huchukua miezi tisa au mwaka. Mguso wa kwanza unafungua swali, wa pili unalirudisha mezani, wa tatu unalifunga.

Sasa tumfanyie hesabu mama mdogo. Kikwazo cha kwanza ni tarehe. Kadi yake inasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1980. Ukipita Mantapala utadhani nusu ya wakimbizi wa Kongo walizaliwa mwaka mpya, kwa sababu asiyejua siku yake huandikiwa siku ya kwanza ya mwaka unaokisiwa. Nilimuuliza bibi. Akasema: "Mama yako mdogo alizaliwa mwaka Papa alipokuja Zaire, mashamba yameshachomwa, mvua haijanyesha."

Nikafurahi, halafu nikashtuka. Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja Zaire mara mbili, Mei 1980 na Agosti 1985. Ukichukua 1980, Zohali wake yupo Mizani na mkabala ni sasa hivi. Ukichukua 1985, Zohali yupo mwishoni mwa Nge na mkabala utakuja karibu na 2030. Safari ya pili ndiyo Papa aliyomtangaza Anuarite kuwa mwenyeheri, kwa hiyo nikamuuliza bibi: ni Papa wa Anuarite? Akakataa kwa mkono. Wakati wa Anuarite, mama mdogo alikuwa tayari anabeba mtoto mwenzake mgongoni. Basi ni 1980. Mashamba huchomwa kabla ya mvua za Oktoba, kwa hiyo tuseme mwisho wa Septemba.

Zohali aliingia Mizani tarehe 21 Septemba 1980. Mwisho wa mwezi ule alikuwa kwenye digrii ya 1. Marejeo ya mama mdogo basi yalikuwa Novemba 2009, Machi 2010 na Agosti 2010. Robo ya kwanza baada ya marejeo ilikuwa mwisho wa Desemba 2017, Zohali alipoingia Mbuzi. Mkabala ni Juni 2025, Agosti 2025 na, mguso wa tatu, Februari 2026.

Wanaoyajua maisha ya watu wa Pweto wameshaona kilichonitokea nilipoziandika tarehe hizi. Mama mdogo alivuka mara ya kwanza kuja Zambia Desemba 2000, mji wa Pweto ulipotekwa. Akakaa kambi ya Kala, wilaya ya Kawambwa, ambako mimi nilizaliwa mwaka 2003. Kala ilifungwa 2010, pamoja na Mwange ya Mporokoso, nasi tukarudishwa Kongo mwaka ule ule wa marejeo yake. Mwaka 2017 vita ikarudi, kuanzia Agosti watu wakamiminika Nchelenge, tukakaa Kenani kwenye kituo cha muda, na Januari 2018 Mantapala ikafunguliwa. Robo yake ya Zohali ilikuwa wiki chache tu kabla. Na sasa, kwenye mkabala, anaulizwa amejenga nini.

Nakiri kwamba usiku ule sikulala vizuri. Zilikuwa zimekaa kama kifuniko kwenye sufuria.

Asubuhi nikajiuliza swali ambalo ndugu yetu hakujiuliza: na wengine je? Siku Kala ilipofungwa, hawakupakiwa wenye miaka 29 peke yao. Mimi nilikuwa na miaka saba. Bibi alikuwa amepita hamsini. Barabara ya kuvuka mpaka 2017 ilikuwa na watoto wa mgongoni, wajawazito, wazee wa kubebwa kwenye baiskeli, na Zohali wa kila mmoja alikuwa mahali pake tofauti. Kama sayari ndiyo iliyotuita kwenye hesabu, iliwaita watu wa umri wote kwa siku moja, na hapo neno "mkabala" halina kazi tena. Kilichotukutanisha barabarani ni risasi.

Kisha nikaipima nyavu yenyewe. Zohali hufika kwenye mojawapo ya vituo vyake vinne (marejeo, robo, mkabala, robo ya pili) kila baada ya miaka saba na miezi michache. Kila kituo, pamoja na kurudi nyuma, kinaweza kuchukua karibu mwaka mzima. Wanajimu wanaruhusu mwaka mmoja kabla, wa maandalizi, na mwaka mmoja baada, wa matokeo. Basi kila kituo kimeshika miaka mitatu kati ya saba na kitu. Rusha jiwe lolote kwenye kalenda ya maisha yako, mara mbili katika kila tano litaangukia ndani. Ukiwa na maisha yenye mikasa mingi kama ya watu wa ziwa Mweru, huwezi kuukosa ulinganifu hata ukiukimbia. Wavuvi wetu wa chisense wanajua: nyavu yenye matundu madogo kiasi hicho haikuambii ni samaki gani wako ziwani, maana inazoa kila kitu.

Na tarehe zenyewe ni dhaifu kuliko zinavyoonekana. Kama bibi amekosea wiki mbili tu, na mama mdogo alizaliwa katikati ya Oktoba, Zohali wake yupo kwenye digrii ya 3. Mwaka huu Zohali hakuifikia digrii hiyo upande wa pili. Alifika karibu digrii ya 2 mwezi Julai, akageuka. Mkabala wake basi ungekuwa mmoja tu, Machi 2026, na ule mpango mzuri wa kufungua swali, kulirudisha na kulifunga unatoweka. Tukiifuata kadi, 1 Januari 1980, Zohali yupo kwenye digrii ya 27 ya Mashuke, na miguso ni Aprili 2025, Oktoba 2025 na Januari 2026. Ni mwanamke yule yule, ana mikabala mitatu tofauti, na ndugu yetu wa Lusaka angempa ujumbe ule ule kwa kila mmoja.

Hapa najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimeshapewa na mwenzangu mmoja tunayesoma naye. Anasema: unajimu wa leo hausemi Zohali analeta vita. Tangu kitabu cha Liz Greene cha mwaka 1976, Zohali ameacha kuwa ile nuksi ya vitabu vya zamani na amekuwa mwalimu wa nafsi. Mkabala ni jambo la ndani: mtu anatazama alichokiita maisha yake na kujiuliza kama ni chake kweli.

Sawa. Nalikubali jibu hilo kuliko wanavyotarajia. Lakini likikubaliwa, ile sentensi ya ujumbe lazima ifutwe. Huwezi kusema Zohali anahusu nafsi tu, halafu ukasema kilichoanguka kilikuwa hakina msingi. Nyumba ya matofali ya kuchoma si nafsi. Ilikuwa na msingi wa mawe, nami niliyabeba baadhi yake nikiwa na miaka tisa, na bado nakumbuka uzito wake. Ilikuwa na mabati kumi na manane. Haikuanguka, ilichomwa. Kiswahili kinatofautisha vizuri kabisa kati ya kuanguka na kuangushwa, kati ya kuungua na kuchomwa, na sisi tunaosoma lugha hii hatuna udhuru wa kuuacha mnyambuliko huo upotee kwa sababu mtu ametaja sayari. Kauli ya kutendwa ina mtenda hata asipotajwa. Fundisho la mkabala, kama linavyosambazwa kwenye simu, linamfuta mtenda na kumwachia lawama aliyetendwa.

Mama mdogo alilisema kwa kifupi: "Na waliochoma, wao Zohali anawakagua lini?"

Nilikwenda kutafuta fundisho hili limetoka kwa watu wa aina gani, nikapata jambo ambalo naomba walimu wetu walitazame. Wanajimu wa sasa hupenda kuliegemeza kwenye saikolojia, na jina linalotajwa mara nyingi ni Daniel Levinson, ambaye mwaka 1978 alitoa kitabu kuhusu majira ya maisha ya mwanamume. Humo alieleza mpito wa katikati ya maisha kati ya miaka 40 na 45, ambapo mtu anayapitia upya maisha aliyoyajenga tangu alipokaribia thelathini. Inalingana na Zohali hata inapendeza. Lakini aliwahoji akina nani? Wanaume arobaini wa Marekani: kumi wafanyakazi wa viwandani, kumi mameneja, kumi wanabiolojia, kumi waandishi wa riwaya. Hakukuwa na mwanamke hata mmoja kati yao, na hakukuwa na aliyekimbizwa nchi mara mbili. Mtu wa namna hiyo akifika 44, mengi anayoyaona mbele yake ameyachagua: kazi, nyumba, mke, mji. Kwake swali "umejenga nini?" ni la haki. Ukilitoa swali hilo kwao ukalileta Mantapala bila kulibadilisha, unamdai mtu hesabu ya duka ambalo funguo zake zilikuwa kwa watu wengine.

Na kweli funguo zilikuwa kwa wengine. Kala haikufungwa kwa uamuzi wa mama mdogo. Mantapala haikuchaguliwa naye: alipakiwa Kenani akashushwa msituni, akapewa kiwanja na turubai. Sheria ya Wakimbizi ya Zambia ya mwaka 2017 na kanuni za makazi zinataka awe na kibali akitaka kutoka kwenda kufanya shughuli mbali na makazi. Ziwa lipo Nchelenge, yeye amekulia kwenye samaki, lakini anakoishi ni porini, na kila safari ya kwenda kununua chisense kwa ajili ya kuuza ni karatasi, nauli, na siku nzima. Haya si malalamiko. Ni mambo ambayo mkaguzi yeyote wa maana lazima ayaandike pembeni kabla ya kuanza kazi.

Sasa niseme ninachokitaka, maana sikuja kubomoa tu. Mimi sitaki mama mdogo anyimwe mkabala. Anayo haki ya kupitia maisha yake kama yule meneja wa Levinson, na mtu aliyekosa siku yake ya kuzaliwa hata kwenye kadi anaweza kufurahia kupewa tarehe moja ya kusimama na kutazama nyuma. Ninachodai ni kwamba kabla ya kuuliza kipi kimesimama na kipi kimeanguka, iulizwe kwanza: kilikuwa mkononi mwa nani? Ndipo ukaguzi uingie kwenye yale yaliyokuwa mkononi mwake, na hapo uwe mkali.

Tulifanya hivyo kwa simu, Agosti, kwa jioni tatu, vocha zikiisha katikati. Tulianza 2010. Nyumba, shamba la mihogo la Pweto, mbuzi sita, shule yetu iliyokatika: haya tuliyaweka kando. Nilidhani hapo angeshusha pumzi, na nusu alishusha. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Walipokuwa wanaondoka Kala mwaka 2010, alikuwa na cherehani. Alijifunza kushona kambini na alikuwa na wateja. Wakati wa kufunga mizigo dada yake, yaani mama yangu, alimwambia auze magodoro abebe cherehani. Yeye akauza cherehani akabeba magodoro, kwa sababu aliona aibu kufika kwa wakwe bila kitanda. Hakuna askari aliyemwambia afanye hivyo. "Ile niliiuza mimi," alisema. Tangu siku hiyo hakushona tena, miaka kumi na mitano, na kila mara alipopata hela ya cherehani nyingine alipata pia mtu wa kumsaidia kwanza: shemeji aliyetaka mtaji, kaka aliyetaka mahari, mimi niliyetaka nauli ya kuja chuoni. Ndugu yetu wa Lusaka alimuuliza kuhusu nyumba iliyochomwa, jambo ambalo hawezi kulijibu. Hakumuuliza kuhusu cherehani, jambo ambalo amekuwa akilijibu peke yake usiku kwa miaka yote hiyo.

Upande wa pili wa hesabu nao ulikuwa na vitu asivyovihesabu. Mantapala aliingia hajui Kibemba hata salamu, leo wenyeji wa vijiji vya jirani wanamwita awatafsirie kliniki. Mwaka 2019 alianzisha likelemba na wanawake wanane, wenyeji wanaiita chilimba, ni ule ule mchezo wa kupokezana fedha, na haujavunjika hata mwezi mmoja. Binti yake mkubwa alikuja kuposwa akiwa na miaka kumi na sita na mtu mwenye pikipiki mbili. Alikataa, ukoo ukanuna, binti akaendelea na shule. Haya aliyajenga kwenye ardhi isiyo yake, kwa karatasi zinazohitaji kufanywa upya, na yamesimama. Kwa kipimo cha ujumbe wa sauti yasingeonekana, kwa sababu Zohali wa kwenye simu anatafuta nyumba, cheo na akiba.

Mwenzangu wa darasani ataniambia kwamba nimefanya kile kile ambacho unajimu unafanya, na kwamba bila Zohali nisingempigia. Nusu ni kweli. Tarehe ilitusukuma. Lakini ingekuwa tarehe ya kadi, ile ya Januari ya uongo, ingetusukuma vile vile, na cherehani ingekuwa pale pale. Zohali hakujua lolote kuhusu magodoro. Akitaka kubaki kama kengele ya kutuamsha, abaki, sina ugomvi naye. Akitaka kuwa hakimu, alete kwanza orodha ya waliokuwa na kiberiti.

Kuna jambo moja sijalimaliza na mwenzangu huyo, nalo linanisumbua. Anasema nimemwondolea mama mdogo lawama ya nyumba ili nimbebeshe ya cherehani, na kwamba kwa mtu aliyepita aliyopita yeye hata hiyo ni nyingi. Kwamba aibu mbele ya wakwe nayo ni mkono wa wengine. Nimelifikiri. Nilimuuliza mwenyewe kama nimemwonea. Akacheka, akasema mtu asiyedaiwa kitu chochote ni maiti au mtoto mchanga. Sijui kama hilo ni jibu kwa mwenzangu au ni namna tu ya kunifariji, lakini sikuweza kulibishia.

Mimi nina miaka 22 na Zohali wangu yupo kwenye robo, kwa wanaotaka kujua. Ni mchana wa bukari na sombe bila samaki hapa bwenini, na hilo pia halijaandikwa angani.

Februari 2026 ndiyo mguso wa tatu. Mwezi huo mvua zitakuwa kubwa, barabara ya kutoka Mantapala itakuwa tope, na zamu ya likelemba itakuwa ya mama mdogo. Hajaniambia atanunua nini, nami nimeacha kuuliza. Alichoniomba ni kitu kingine. Jirani yake ameusikia ule ujumbe wa sauti na hana raha, anataka nimkokotolee naye. Kadi inasema 1 Januari 1976. Mama yake alikuwa akisema alizaliwa wakati wa vita ya Kolwezi. Nimemjibu kwamba vita ya Shaba ilikuwa mara mbili, 1977 na 1978, ila Kolwezi yenyewe iliingiwa Mei 1978, kwa hiyo kama ni Kolwezi kweli mkabala wake ulipita mwaka 2022. Amesema 2022 hakuona chochote. Alikuwa analima.